Mashine Inayohesabu Bila Kuona

Katoni ya sabuni ya mche ikishafungwa na kupigwa tarehe, imebakiza hatua moja kabla ya foklifti: kupangwa juu ya paleti. Katika viwanda vingi vya kwetu kazi hiyo bado ni ya vibarua watatu wanne wanaosimama mwisho wa mkanda. Vingine vimeweka mashine ya kupanga paleti, na anayeitazama mara ya kwanza huondoka akiamini kwamba ina macho na akili. Inaigeuza katoni hii na kuiacha ile, inasukuma mstari, inashusha tabaka zima, inatandika karatasi, kisha bila kuambiwa na mtu inatoa paleti iliyojaa na kuita nyingine tupu.

Ukweli ni kwamba haioni karibu chochote. Ina macho machache ya mwanga, na kila jicho linajua jambo moja tu: mbele yake pana kitu au hapana. Hakuna jicho linaloweza kusema kwamba juu ya paleti yapo matabaka matano. Mashine inajua kuwa ni matano kwa sababu iliyahesabu yakishuka, na hesabu hiyo ikipotoka itaendelea kufanya kazi kwa kujiamini kulekule, ikipanga paleti ambayo haipo popote ila kwenye kumbukumbu yake. Ukiondoa mikanda iliyochakaa na hewa ya kompresa iliyopungua, matatizo mengi ya mashine hizi yanatoka hapo. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi si kama mashine inahesabu. Muulize inahesabu lini, kwa sekunde ipi ya tendo.

Tuchukue paleti moja na tukae nayo. Ina urefu wa milimita 1200 na upana wa milimita 1000, kimoja kati ya vipimo sita vilivyomo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 6780. Katoni yetu ina urefu wa milimita 400, upana wa 300 na kimo cha 180, na uzito wa kilo 15. Ukigawanya eneo la paleti kwa eneo la katoni unapata kumi kamili, bila hata kidole cha nafasi kupotea. Swali ni jinsi ya kuziweka kumi hizo.

Upana wa milimita 1000 unagawanyika vizuri ukiuchukua kama 400 na 300 na 300. Basi tunapata mistari mitatu. Mstari wa kwanza una katoni nne zilizogeuzwa, kila moja ikichukua milimita 300 za urefu wa paleti: nne mara 300 ni 1200. Mstari wa pili na wa tatu una katoni tatu tatu zilizonyooka, kila moja ikichukua milimita 400: tatu mara 400 ni 1200 vilevile. Nne, tatu, tatu. Tukiandika G kwa iliyogeuzwa na N kwa iliyonyooka, tabaka la kwanza linasomeka hivi: GGGG NNN NNN.

Tabaka la pili likiwekwa hivyohivyo, kila katoni itakaa juu ya mwenzake na paleti itakuwa kundi la nguzo kumi zinazosimama kila moja kivyake. Foklifti ikikata kona kwa kasi, nguzo za pembeni zinafunguka. Mwashi hafanyi hivyo na matofali, naye mpangaji wa paleti anamwiga: tabaka la pili linazungushwa nusu duara ili viungo vya chini vifunikwe na katoni za juu. Kuna urahisi mtamu hapa, kwa sababu mashine haihitaji kuzungusha kitu chochote. Inasoma mpangilio uleule kuanzia mwisho: NNN NNN GGGG. Mstari wa nne uliokuwa upande huu wa paleti unaangukia upande wa pili, na viungo vyote vinavyokwenda kwa urefu vinakingamana. Tabaka la tatu linarudi kama la kwanza, la nne kama la pili. Kanuni nzima ni kwamba tabaka lenye namba witiri lisomwe kwenda mbele na lenye namba shufwa lisomwe kurudi nyuma.

Niseme kando kwamba kukingamanisha hakufai kila bidhaa. Katoni tupu ya boksi hubeba uzito zaidi kwenye pembe zake nne kuliko katikati ya kuta, na ukikingamanisha, pembe ya juu inatua katikati ya ukuta wa chini. Sabuni haijali, maana miche yenyewe inabeba mzigo. Kwa vibanzi vya viazi au chupa nyepesi za plastiki ningechagua nguzo zilizonyooka na kuzishikanisha kwa karatasi katikati.

Sasa tuingie kwenye mashine yenyewe. Hii tunayoizungumzia ni ile inayounda tabaka juu, kwenye meza ya mabati mawili yanayofunguka, huku paleti ikiwa chini yake kwenye lifti. Katoni zinakuja kwenye mkanda moja moja. Kwanza zinapita kwenye kigeuzi, ambacho ni kama kidole cha chuma kinachojitokeza upande mmoja wa mkanda: kikiwa nje, katoni inagonga na kugeuka robo duara, kikiwa ndani, inapita ilivyo. Mbele zaidi zinajipanga hadi mstari ukamilike, kisha kisukumio kinausogeza mstari mzima kwenye meza. Mistari mitatu ikitimia, mabati yanafunguka, tabaka linatua juu ya paleti, lifti inashuka milimita 180, mabati yanajifunga.

Kuhesabu katoni kwa jicho kunaonekana kuwa jambo jepesi mpaka ukumbuke jinsi kidhibiti cha mashine, ambacho mafundi hukiita PLC, kinavyofanya kazi. Kinasoma programu yake kuanzia juu hadi chini, kinarudi juu, tena na tena. Tuseme kila mzunguko unachukua sehemu kumi za elfu moja za sekunde. Mkanda ukienda milimita 400 kwa sekunde, katoni iliyonyooka inaziba jicho kwa sekunde moja nzima, na ndani ya sekunde hiyo programu imepita mara 100. Ukiiambia iongeze moja kila inapoona jicho limezibwa, katoni moja itahesabiwa kuwa 100. Kwa hiyo kinachohesabiwa ni kugeuka kwa hali, kutoka wazi kuwa limezibwa, na hali ya mzunguko uliopita inatunzwa kwa ajili ya kulinganisha:

```
IF jicho AND NOT jicho_awali THEN
    katoni := katoni + 1;
END_IF;
jicho_awali := jicho;
```

Hata hivyo jicho linadanganywa. Utepe wa gundi uliobanduka ukipeperuka mbele yake, katoni moja inaonekana kuwa mbili. Katoni mbili zilizogusana bila nafasi zinaonekana kuwa moja ndefu. Dawa ya la kwanza ni kudai jicho libaki wazi kwa muda mfupi kabla ya kukubali katoni mpya. Dawa ya la pili ni ya mitambo: mkanda wa mbele unakwenda kasi kuliko wa nyuma, hivyo kila katoni inayovuka inajichomoa na kuacha pengo.

Kuna kosa la tatu ambalo ni janja zaidi. Mashine hufanya uamuzi wa kugeuza kwenye kigeuzi, lakini mstari hukamilika mbele yake, na katikati ya vituo hivyo viwili kuna katoni kadhaa njiani. Kigeuzi kina hesabu yake na kituo cha mstari kina yake. Zote mbili ni sahihi maadamu hakuna mtu aliyeingiza mkono.

Tuseme mkaguzi wa ubora ameona katoni iliyopasuka baada ya kigeuzi, akaitoa. Kama ilikuwa moja ya zile G nne, kosa linajitokeza papo hapo. Mstari wa kwanza utachukua G tatu na N moja: 300 mara tatu ni 900, ongeza 400, unapata 1300. Mstari umezidi paleti kwa milimita 100, kisukumio kinakwama, kengele inalia, na kila mtu anajua tatizo ni mstari huo.

Lakini kama aliyotoa ilikuwa N ya mstari wa pili, hakuna kinacholia. Mstari wa pili unaazima N kutoka wa tatu. Wa tatu unaazima kutoka tabaka linalofuata, ambalo kwa bahati mbaya linaanza na N. Tabaka la kwanza linashuka likiwa safi kabisa. Mstari wa kwanza wa tabaka la pili nao ni safi. Ni kwenye mstari wake wa pili ndipo N zinapokwisha mapema na G moja inaingia: 400 na 400 na 300 ni 1100, pengo la milimita 100. Idadi ni tatu kama inavyotakiwa, kwa hiyo kihesabuji hakina malalamiko. Mstari unaofuata unajazwa na G tatu zilizobaki na G ya kwanza ya tabaka la tatu, nao unaonekana mzuri. Kisha tabaka la tatu linaanza na G tatu na N moja, milimita 1300, na hapo ndipo mashine inakwama. Fundi anayeitwa atatazama tabaka la tatu wakati katoni ilitolewa kwenye la kwanza, dakika kadhaa zilizopita, na mtu ambaye ameshaondoka zake.

Alama ya kumsaidia ni lile pengo lililo kwenye tabaka la pili. Ukikuta mashine imekwama kwa mstari uliozidi na chini yake kuna mstari wenye pengo lenye ukubwa uleule, usiguse kisukumio wala jicho. Uliza nani ametoa katoni. Mashine iliyosanifiwa vizuri inajilinda kwa kupima muda wa jicho la kituo cha mstari: kwa kasi yetu, N inaziba jicho kwa sekunde 1.0 na G kwa sekunde 0.75. Tofauti hiyo inatosha kabisa kuijua katoni imelala vipi. Mstari unaosubiri G ukipokea N, mkanda unasimama hapo hapo, na opereta anaondoa katoni moja badala ya kubomoa tabaka zima.

Tumefika kwenye tabaka, ambapo swali la "lini" linakuwa na uzito wa kilo. Tabaka moja ni katoni kumi, kilo 150. Kihesabu matabaka kinaweza kupanda wakati mistari mitatu imetimia mezani, au mabati yanapoanza kufunguka, au yalipofunguka kabisa, au lifti iliposhuka. Siku ambayo umeme haukatiki, nyakati zote nne zinatoa jibu moja. Fundi anayejaribu mashine mpya kwenye karakana ya mtengenezaji hataona tofauti yoyote.

Umeme ukikatika, tofauti inaonekana. Kama namba ilipanda mistari ilipotimia na umeme ukakatika kabla mabati hayajafunguka, kumbukumbu inasema manne na paletini yapo matatu. Kama ilikuwa ikisubiri lifti ishuke na umeme ukakatika baada ya tabaka kuanguka, kumbukumbu inasema matatu na paletini yapo manne. Hakuna sekunde iliyo salama kabisa, maana tabaka la kilo 150 linachukua muda kuanguka na namba inabadilika kwa mzunguko mmoja. Ila zipo sekunde mbaya na sekunde nzuri. Nzuri kuliko zote ni pale sensa za mwisho wa mabati zinapothibitisha kwamba yamefunguka yote mawili, kwa sababu hapo tabaka haliwezi kuwa mahali pengine ila juu ya paleti. Kanuni ni kuhesabu tendo lililokwisha na kuacha lile lililoanza. Pamoja na namba, mashine itunze pia hatua iliyokuwa ikifanya, katika sehemu ya kumbukumbu isiyofutika umeme unapokatika.

Kosa la tabaka moja linazaa matatu. La kwanza ni idadi: paleti inatoka na katoni 70 badala ya 80, au 90. La pili ni mpangilio, kwa sababu witiri na shufwa zimebadilishana: tabaka linawekwa kwa mpangilio uleule wa lililo chini yake, na hapo pana ufa unaopanda wima ambao hauonekani mpaka paleti iyumbe. La tatu ni karatasi, inayowekwa tabaka moja mapema au moja baadaye. Ukikuta matabaka mawili yanayofuatana yenye sura moja, hesabu paleti yote kabla hujaitoa.

Mashine inaweza kujipatia shahidi wa pili bila gharama kubwa. Lifti ina kipimo cha mahali ilipo, na chini ya meza kuna jicho linalotazama uso wa juu wa mzigo. Baada ya matabaka manne, lifti inapaswa kuwa imeshuka milimita 720 kutoka ilipoanzia. Programu ikilinganisha namba na kina hicho, na kukataa kuendelea tofauti ikizidi nusu ya tabaka, yaani milimita 90, makosa mengi ya baada ya kukatika umeme yatanaswa kabla katoni nyingine haijashuka. Nusu tabaka inatosha kuvumilia katoni zilizobonyea na unene wa karatasi. Ninashangaa jinsi mashine nyingi zilivyo na kipimo hicho tayari na hazikitumii kwa kazi hiyo.

Kwa zisizokitumia, shahidi ni binadamu. Umeme unarudi usiku, opereta anabonyeza kitufe cha kuanza, skrini inauliza idadi ya matabaka, naye anampigia fundi simu.

"Fundi, shikamoo. Inaniuliza ngapi, imeandika tano."

"Marahaba mwanangu. Wewe umeona ngapi?"

"Sijahesabu, nimeona imeandika tano."

"Usiisome yenyewe. Nenda nyuma ya uzio, hesabu kwa kidole kuanzia chini, kisha niambie karatasi ya katikati iko juu ya tabaka la ngapi."

Swali hilo la mwisho ni la mtu mzoefu. Katika paleti yetu karatasi zimepangwa kukaa mahali patatu: chini kabisa kabla ya tabaka la kwanza, juu ya tabaka la nne, na juu ya la nane. Opereta akiona karatasi ya katikati na tabaka moja juu yake, basi ni matano hata kama alikosea kuhesabu kwa kidole.

Karatasi hizi ni za boksi gumu au karatasi nene ya kaki, zikikatwa ndogo kidogo kuliko paleti, tuseme milimita 1180 kwa 980, ili ukingo usitokeze na kuziba macho ya mashine au kuraruliwa na mashine ya kufunga nailoni. Ya chini inazuia katoni kuzama kwenye nafasi za mbao. Ya katikati inalishika tabaka la nne lisitawanyike na kusambaza uzito wa manne yaliyo juu. Ya juu inakinga vumbi na mikwaruzo. Ipo pia jamii nyingine ya karatasi, yenye ulimi unaotokeza upande mmoja, inayochukua nafasi ya paleti yenyewe: foklifti yenye kifaa maalumu inaushika ulimi na kuuvuta mzigo wote. Wanaosafirisha nje huipenda kwa sababu mbao za paleti lazima zitibiwe kwa joto au dawa na kupigwa mhuri chini ya kanuni ya ISPM 15, nayo karatasi haimo katika kanuni hiyo.

Mkono wa kuweka karatasi unashuka kwenye kasha lake, unagusisha vikombe vya mpira, unavuta hewa, na swichi ya ombwe inathibitisha kwamba kuna kitu kimeshikwa. Swichi haijui ni karatasi ngapi. Pwani, ambako boksi hunyonya unyevu, karatasi mbili zinashikana na kunyanyuka pamoja, na hazigunduliwi mpaka kasha liishe mapema kuliko hesabu ya stoo. Wengine huzipepea kwa hewa pembeni kabla ya kunyanyua, wengine huweka meno yanayokwaruza ukingo ili ya pili ibanduke. Karatasi zilizojikunja kwa unyevu zina tatizo la upande wa pili: vikombe havizibi vizuri, ombwe halifiki, na mkono unajaribu tena. Ni busara kuruhusu majaribio matatu kisha kusimama na kuita mtu. Programu inayoamua kuiruka karatasi kimyakimya ili uzalishaji usisimame inahamishia tatizo kwenye ghala la mteja.

Kwenye karatasi kuna kosa la programu ambalo limezoeleka sana. Kwa kuwa mahali petu ni 0, 4 na 8, mwandishi wa programu anaona kwamba namba zote zinagawanyika kwa nne, naye anaandika:

```
IF tabaka MOD 4 = 0 THEN
    weka_karatasi := TRUE;
END_IF;
```

Hesabu ni sahihi na kosa liko palepale. Baada ya karatasi kuwekwa, tabaka bado ni la nne, sharti bado ni kweli, na mkono unakwenda kuchukua ya pili. Mara nyingi mwandishi huona hilo siku ya kwanza na kulizuia kwa saa ya sekunde chache. Sasa mashine inaonekana nzima, hadi mtu asimamishe kazi kwa kitufe cha dharura dakika hiyohiyo, saa ijifute, na ikianza tena iweke karatasi juu ya karatasi. Tiba ni kuiambia mashine ikumbuke tendo lenyewe:

```
IF ratiba[tabaka] AND NOT karatasi_imekaa THEN
    weka_karatasi := TRUE;
END_IF;
```

Ratiba ni orodha ya nafasi tisa, kuanzia 0 hadi 8, kila moja ikiwa ndiyo au hapana, na kwa paleti yetu inasomeka 100010001. Mteja akitaka karatasi baada ya tabaka la tatu, unabadilisha tarakimu bila kugusa programu. Kumbukumbu ya kwamba karatasi imekaa inafutwa kwa sababu mbili tu: namba ya tabaka imepanda, au paleti mpya imeingia. Karatasi yenyewe haiongezi kihesabu cha matabaka. Nasema hivyo kwa sababu nimeona programu zilizoifanya karatasi kuwa tabaka bandia ili kurahisisha uandishi, na kuanzia siku hiyo kila ripoti ya kiwanda ikawa na namba ambazo hakuna aliyeweza kuzielewa bila kalamu.

Tabaka la nane limeshuka. Je, paleti imekamilika? Hapa ndipo wengi huharakisha. Namba kufika nane ni sharti la kwanza tu. Karatasi ya juu bado haijawekwa. Mabati bado yako wazi. Lifti bado iko njiani kushuka hadi usawa wa mkanda wa kutoka, na mkanda huo unaweza kuwa bado umebeba paleti iliyopita inayosubiri kufungwa nailoni. Ishara ya ukamilifu iinuke pale yote hayo yanapokuwa kweli kwa pamoja.

Ikishainuka, lazima ibaki juu. Mashine ya kufunga nailoni ina kidhibiti chake chenye mzunguko wake, na ishara inayowaka kwa kupepesa jicho inaweza kupita bila kusomwa. Matokeo yake ni hali inayowachanganya wasimamizi: mashine mbili nzima, hakuna kengele, hakuna taa nyekundu, na hakuna kinachosogea. Ya kwanza inaamini imekwisha kusema, ya pili haijasikia. Mazungumzo salama yana zamu nne. Mpangaji anasema "nina paleti" na kuendelea kusema. Mfungaji anajibu "leta" na kuendelea kujibu. Paleti inapita, na jicho la mlangoni linazibwa kisha linafunguka, ndipo mpangaji ananyamaza. Mfungaji, akiona mwenzake amenyamaza, naye ananyamaza. Kila mmoja anasubiri kuona badiliko la mwenzake kabla ya kusonga.

Wakati wa kufuta kihesabu kurudi sifuri ni pale jicho la mlangoni linapofunguka, si mapema. Programu iliyofuta namba ishara ilipoinuka itajikuta matatani siku ambayo paleti imenasa mlangoni kwa msumari uliochomoza. Kumbukumbu inasema paleti tupu, tabaka sifuri. Mashine inaweka karatasi ya chini juu ya karatasi ya juu, kisha inafungua mabati na kushusha tabaka la tisa. Karatasi mbili zikiwa chini ya tabaka la tisa zinakuambia hasa kilichotokea.

Mlango huo una pazia la mwanga linalosimamisha mashine mtu akiingia, nalo hunyamazishwa kwa sekunde chache ili paleti ipite. Kunyamazisha kunapaswa kuanzishwa na sensa zinazotambua paleti yenyewe, wala kusitegemee ishara ya ukamilifu, kwa sababu ishara hiyo inatokana na kumbukumbu, na tumeshaona kumbukumbu inavyoweza kuachana na sakafu.

Inabaki paleti isiyojaa. Mwisho wa zamu sabuni ya rangi ya buluu imekwisha, inaanza nyeupe, na katoni zilizofika ni 57. Hayo ni matabaka matano na katoni saba. Tabaka la sita ni shufwa, linaanza NNN NNN, kwa hiyo mistari miwili imetimia na katoni moja ya mwisho, iliyogeuzwa, imesimama peke yake kwenye kituo cha mstari. Opereta anabonyeza kitufe cha kufunga paleti. Mashine inashusha mistari miwili iliyotimia, inaruka ratiba na kuweka karatasi ya juu, inainua ishara ya ukamilifu. Ile katoni moja inaondolewa kwa mkono na kupelekwa stoo kama baki.

Namba itakayochapwa kwenye lebo ni 56. Mashine inayopata namba hiyo kwa kuzidisha matabaka kwa kumi itachapa 60, na inayotumia jicho la mkandani itachapa 57. Inayopata 56 ni ile inayojumlisha mistari iliyoshuka kweli kwenye paleti, kila mmoja kwa idadi yake ya tatu au nne. Kabla ya kununua au kukabidhiwa mashine, mwombe muuzaji afunge paleti ya katoni 57 mbele yako na usome lebo.